Jinsi ya kusoma ripoti ya kamera ya koo: anza na mwendo, wekundu uusome mwisho

Ukitoka chumba cha daktari wa masikio, pua na koo unapewa karatasi moja, pengine na picha mbili za rangi chini yake. Maandishi ni ya Kiingereza cha kitabibu, yamekatwakatwa, na nusu ya maneno ni vifupisho. Watu wengi hulikamata neno moja wanalolijua, aghalabu lile la wekundu au la uvimbe, wakaondoka nalo nyumbani. Kumbe jambo kubwa lipo kwenye mstari mwingine ambao hawakuusoma kabisa.

Mwongozo huu ni wa ripoti ya kipimo cha kawaida cha kliniki, kile cha mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa puani ukiwa umekaa kwenye kiti na uko macho. Mpira wenyewe una unene wa milimita 3 hadi 4 hivi. Pua hupuliziwa dawa ya ganzi na ya kufungua njia, kisha kamera inashuka nyuma ya kimeo hadi juu ya zoloto, pale zinapokaa nyuzi za sauti. Kazi yote huchukua dakika chache. Ganzi ikiwa bado imo kooni, usile wala kunywa mpaka iishe, na hilo kwa kawaida huchukua saa moja hivi, kwa sababu maji yanaweza kupita njia ya hewa bila wewe kuhisi.

Tutatumia ripoti ya mfano. Mgonjwa ni mwalimu wa miaka 54. Sauti imekuwa ya kukwaruza na yenye pumzi nyingi, na akinywa maji anakohoa. Karatasi yake inasomeka hivi:

```
Indication: hoarseness 9/52
Nasopharynx: NAD
Arytenoids: mild erythema and oedema
Right VC: mobile
Left VC: immobile, paramedian
Glottic gap on phonation
No mass, no ulcer
Imp: ? left VC palsy. ? LPR
```

Hatua ya 1: Soma kichwa cha ripoti kabla ya matokeo

Mstari wa kwanza unaeleza kwa nini kipimo kilifanyika. Hapa ni sauti kukauka, na 9/52 si sehemu ya hesabu wala alama ya mtihani: ni wiki 9. Madaktari wengi waliosomea mfumo wa Kiingereza huandika muda hivyo. Chini ya mstari ikiwa 52 ni wiki, ikiwa 12 ni miezi, ikiwa 7 ni siku. Kwa hiyo 3/12 ni miezi mitatu na 5/7 ni siku tano.

Hakikisha muda huo ni sahihi, maana ndio unaoamua uzito wa kila kinachofuata. Sauti iliyokauka siku tano baada ya mafua na sauti iliyokauka wiki tisa bila sababu si jambo moja, hata picha zikifanana. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2018 kuhusu sauti iliyokauka unataka zoloto litazamwe ikiwa sauti haijarudi ndani ya wiki 4, au mapema zaidi kukiwa na dalili ya hatari. Mwalimu wetu alikuwa amepita muda huo zaidi ya mara mbili.

Hapo hapo juu tafuta aina ya kamera iliyotumika. Kama limeandikwa neno la stroboskopi, ujue ilitumika taa ya kumetameta. Kama halipo, ilikuwa taa ya kawaida. Tofauti hiyo tutairudia.

NAD kwenye mstari wa pili ni kifupisho cha kusema daktari hakuona kasoro sehemu hiyo, yaani nyuma ya pua. Ukiona NAD, endelea mbele. VC ni uzi wa sauti.

Hatua ya 2: Nenda moja kwa moja kwenye mwendo wa nyuzi

Usisome kwa mpangilio wa karatasi. Ruka mstari wa wekundu kwa sasa, ule wenye "erythema", tafuta panapozungumzwa nyuzi mbili za sauti, wa kulia na wa kushoto, kila mmoja peke yake.

Nyuzi hizi ni mikunjo miwili ya nyama laini, imekaa kama herufi V. Ncha ya V iko mbele, nyuma ya gegedu la koromeo linaloshikika kwa kidole. Ukivuta pumzi, nyuzi zinaachana na V inapanuka. Ukisema "iiii", zinakutana katikati na V inafunga. Ndiyo maana wakati wa kipimo daktari alikuambia uvute hewa kwa pua, useme "iiii", kisha ukohoe. Hakuwa anakutuliza, alikuwa anapima mlango unafungua na kufunga pande zote mbili.

Neno "mobile" kwenye ripoti halihusu simu. Maana yake uzi unasogea vizuri, na ndilo neno zuri kuliko yote kwenye karatasi hii. Likikaa mbele ya nyuzi zote mbili, suala la neva za sauti kwa kiasi kikubwa limetulia. Kwa mwalimu wetu limekaa upande wa kulia tu. Uzi wa kushoto haujasogea kabisa, na neno linalofuata linaeleza ulipogandia: kando kidogo ya mstari wa katikati.

Mstari unaofuata ni matokeo ya huo. Uzi wa kulia unakuja mpaka katikati, wa kushoto hauji, basi akitamka inabaki nafasi. Hewa inapotelea kwenye nafasi ile, ndiyo maana sauti ina pumzi nyingi na mtu anachoka akisema sentensi ndefu. Nafasi hiyo hiyo ndiyo inayopitisha maji. Maji ni mepesi na yanakimbia, kwa hiyo humkohoza kuliko ugali au uji mzito. Ukiona dalili na mistari ya ripoti vinaelezana namna hii, jua umeshika kiini cha ripoti.

Kuna maneno matatu ya kutofautisha hapa. Uzi "dhaifu" unasogea lakini kwa uvivu. Uzi "uliopooza" hausogei kwa sababu neva haifanyi kazi. Uzi "uliokaza" hausogei kwa sababu kitu kimeushika, kama kovu, kiungo kilichoganda au uvimbe uliouingia. Kwa kamera peke yake kupooza na kukaza vinaweza kufanana kabisa, na ndiyo sababu kwenye mstari wa mwisho, "Imp", yaani maoni yake, daktari ameweka alama ya kuuliza kabla ya neno la kupooza, "palsy". Alama hiyo ni sehemu ya matokeo. Inasema: nashuku, sijathibitisha.

Kwa nini upande wa kushoto unatafutiwa sababu kifuani

Hili linafaa kuelezwa kwa nafasi, kwa kuwa mgonjwa mwenye tatizo la koo huambiwa akapigwe picha ya kifua, akadhani amekosewa karatasi.

Neva inayosogeza uzi wa sauti haishuki moja kwa moja kutoka kichwani hadi kooni. Inatokana na neva kubwa inayoteremka shingoni, inapita koo, kisha inageuka na kurudi juu. Ya kulia inageukia kwenye mshipa wa damu ulio chini ya mtulinga, mwanzoni mwa kifua. Ya kushoto inashuka zaidi mpaka ndani ya kifua, inazunguka upinde wa mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, ndipo inapanda tena hadi kooni. Kitu chochote katika safari hiyo ndefu kinaweza kuibana: tezi za limfu zilizovimba kifuani, zikiwemo za kifua kikuu, saratani ya pafu la kushoto, mshipa mkuu uliotanuka, au tezi ya shingo. Neva pia hujeruhiwa au kuvutwa wakati wa upasuaji wa rovu, na hiyo ni sababu mojawapo ya kawaida.

Kwa hiyo uzi wa kushoto ukiacha kusogea na mgonjwa hajafanyiwa upasuaji wa shingo wala kifua, kipimo kinachofuata kwa kawaida ni picha ya CT inayoanzia chini ya fuvu na kushuka mpaka kifuani, ili ifuate njia yote ya neva. Eksirei ya kifua huweza kutangulia, lakini ikiwa safi haitoshi kufunga shauri. Kama ripoti yako ina uzi usiosogea na hukupewa mpango wa picha wala maelezo ya sababu inayojulikana, rudi ukaulize. Swali lenyewe ni hili: "Daktari, njia ya neva hii tumeiangalia yote, mpaka kifuani?"

Kuhusu kupona: neva iliyovutwa tu bila kukatika inaweza kurudi yenyewe kwa miezi kadhaa, na madaktari mara nyingi husubiri mpaka karibu mwaka kabla ya upasuaji wa kudumu. Kusubiri huko si kukaa bure. Mtaalamu wa tiba ya sauti hufundisha namna ya kutamka na kumeza, na uzi unaweza kudungwa dawa ya kuujaza usogee katikati kwa muda ili nafasi ipungue.

Nyuzi zote mbili zikipooza, mambo yanageuka. Zikigandia karibu na katikati, sauti inaweza kubaki nzuri kabisa huku mlango wa hewa ukiwa mwembamba. Mtu huyo anavuta pumzi kwa mlio, hasa akipanda ngazi au akilala. Usidanganywe na sauti nzuri hapo. Ni dharura.

Hatua ya 3: Neno "uvimbe" lina maana mbili, jua yako ni ipi

Kiswahili chetu hapa kinatutia hofu isiyo na sababu, na mara nyingine kinatunyima hofu inayostahili. Tunasema "uvimbe" kwa kope iliyoumwa na mbu, na tunasema "uvimbe" kwa kitu kilichoota tumboni. Kwenye ripoti hayo ni maneno mawili tofauti.

La kwanza ni "oedema", wengine huliandika "edema". Ni kuvimba: maji yamejaa ndani ya nyama, nyama imetuna na kulainika, pengine inang'aa kama ngozi ya embe bivu. Hakuna kilichoota. Kwa mwalimu wetu limeandikwa kwenye aritenoidi, yaani vigegedu viwili vidogo vilivyo nyuma ya nyuzi za sauti, tena kwa kiwango kidogo. Sehemu hiyo huvimba kwa kukohoa, kukohoakohoa kusafisha koo, mafua, moshi, na asidi ya tumbo inayopanda.

La pili ni "mass" au "lesion", yaani kitu kilichoota au doa lisilo la kawaida. Mstari wa saba wa ripoti yetu unasema hakuna uvimbe wa aina hiyo wala kidonda. Ukiuliza kwa Kiswahili, uliza wazi: "Nyama imevimba tu, au kuna kitu kimeota?" Daktari atajibu kwa neno moja na usiku utalala.

Kuvimba kwenyewe kunapimwa kwa mahali na kwa upande. Kuvimba kidogo pande zote mbili, nyuma, si habari kubwa. Kuvimba upande mmoja tu kunahitaji maelezo. Nyuzi zote mbili zikiwa zimejaa maji kama mifuko, zimelegea, na mgonjwa ni mvutaji sigara wa miaka mingi mwenye sauti nzito, huo ni uvimbe wa Reinke, na tiba yake inaanzia kwenye kuacha sigara. Na epiglotisi, kile kifuniko cha njia ya hewa, ikivimba ghafla pamoja na homa, maumivu makali ya kumeza na mate kudondoka, huyo haendi nyumbani kusoma ripoti, anabaki hospitalini.

Vitu vilivyoota navyo havina uzito mmoja. Vinundu huwa viwili, vinatazamana, kimoja kila uzi, na huwapata wanaotumia sauti kwa nguvu: walimu, wahubiri, waimbaji, makondakta. Hutibiwa kwanza kwa mafunzo ya sauti. Polipu mara nyingi ni moja, upande mmoja. Doa jeupe huitwa leukoplakia. Neno hilo linaeleza rangi tu, halisemi ni saratani wala si saratani, na mara nyingi linamalizwa na kipande kidogo cha nyama kupimwa maabara. Kidonda au nyama yenye kingo zisizo sawa nayo huchukuliwa kipande, kwa sababu kwa macho kifua kikuu cha zoloto na saratani vinaweza kufanana.

Hatua ya 4: Sasa soma wekundu

"Erythema" ni wekundu, basi. Si jina la ugonjwa. Wakati mwingine huandikwa "hyperaemia", yaani damu imejaa kwenye mishipa midogo.

Tumeuweka mwisho kwa makusudi, maana ndio ushahidi dhaifu kuliko mingine kwenye karatasi. Rangi inategemea taa na namna kamera ilivyorekebishwa. Kabla ya kuanza, kamera huelekezwa kwenye kitu cheupe ili ijue weupe ni upi. Hatua hiyo ikirukwa, koo lote huonekana jekundu. Mpira ukiligusa koo, au mgonjwa akikohoa sana na kutapishwa na kipimo, nyama inawiva papo hapo. Na madaktari wawili wakitazama picha moja hawakubaliani sana kuhusu kiwango cha wekundu.

Njia nzuri ya kujihadhari ni kutazama picha yako mwenyewe. Nyuzi za sauti kwa kawaida ni nyeupe kama lulu, na nyama inayozizunguka ni ya waridi. Kama nyuzi zenyewe ni nyeupe na kilichoandikwa ni wekundu wa nyuma peke yake, usijenge ugonjwa mzima juu yake. Uzi mmoja mwekundu na mwenzake mweupe ni jambo jingine, hilo linafuatiliwa.

Ukitazama picha, kumbuka ni kama unamtazama mtu uso kwa uso: kushoto kwa mgonjwa kunaonekana upande wa kulia wa picha. Picha zilizopigwa chini ya usingizi wa upasuaji huweza kugeuka, basi ufuate maandishi, si macho.

Mstari wa mwisho wa ripoti yetu una LPR, yaani asidi au yaliyomo tumboni kupanda mpaka kooni. Mwaka 2001 ilichapishwa alama maalumu ya kukadiria hali hii kwa kamera: mambo 8 yanahesabiwa, jumla ya juu ni 26, na zaidi ya 7 humfanya daktari ashuku asidi. Ukiona RFS na nambari, ni alama hiyo. Lakini utafiti uliochapishwa 2002 uliwatazama watu 105 wasio na malalamiko yoyote ya koo, na wengi wao walikutwa na angalau dalili moja ya kooni kati ya zile zinazohusishwa na asidi. Kwa hiyo LPR iliyoandikwa kwa sababu ya wekundu tu ni dhana ya kujaribiwa, si hukumu.

Hapa ndipo ripoti ya mwalimu ingeweza kwenda vibaya. Angesoma wekundu na asidi, akanunua omeprazole dukani, akanywa miezi miwili akisubiri sauti irudi. Asidi haielezi uzi wa kushoto kutosogea wala nafasi inayobaki akitamka. Neno la asidi linaweza kuwa kweli na bado lisiwe jibu la tatizo lililompeleka hospitali.

Hatua ya 5: Jua kamera haikuona nini

Ripoti inayosema kila kitu ni sawa, nayo isomwe kwa mipaka yake. Ukitamka, nyuzi hugongana mara 100 na zaidi kwa sekunde kwa mwanamume, na karibu 200 kwa mwanamke. Jicho na taa ya kawaida huona mlango unafungua na kufunga, haliwezi kuona mtetemo. Kovu dogo au ugumu wa sehemu ya uzi huonekana kwa stroboskopi, ile taa ya kumetameta. Kama nyuzi zinasogea, hakuna kilichoota, na sauti bado mbaya, omba kipimo hicho kabla ya kukubali kwamba huna kitu.

Tafuta pia maneno ya kwamba mgonjwa hakuvumilia au mwonekano haukuwa kamili. Hapo kipimo hakijakamilika. Makohozi yaliyonata kwenye uzi yanaweza kufanana na doa. Daktari makini humwambia mgonjwa ameze mate na kukohoa, kisha anatazama tena, na doa la makohozi huhama.

Hatua ya 6: Andika maswali matatu nyuma ya karatasi

Kwa mwalimu wetu yangekuwa haya: uzi wa kushoto umepooza au umekazwa, picha ya CT ifanyike lini, na wakati anasubiri, anywe maji kwa namna gani bila kupaliwa. La tatu husahaulika, na ndilo linalomzuia asipate nimonia. Kwa kawaida ataanza na mafunda madogo, akae wima, na mtaalamu wa kumeza atamwonyesha upande wa kugeuzia kichwa.

Omba nakala ya video au angalau picha, uzitunze kwenye simu pamoja na tarehe. Kamera ikirudiwa baada ya miezi mitatu, mpe daktari zote mbili. Kwenye ripoti ya pili nenda tena kwenye mstari ule ule wa uzi wa kushoto, uone kama neno limebadilika, kisha utazame kama nafasi ya katikati imepungua.